Kirangi na kitenzi kinachotangulia: ni damu ya Kikushi au ni ujirani tu?

*"Mimi ni Mrangi, kwetu Kondoa ila nimekulia Dar. Kuna jamaa amesoma isimu akaniambia Kirangi kinaweka kitenzi kwanza halafu ndio kisaidizi, yaani 'tereka niise' badala ya kama Kiswahili 'nitapika', na Wabantu hawasemi hivyo, hiyo tumetoa kwa Waburunge na Wambulu, kwa hiyo sisi ni Wakushi tuliobadili lugha. Nimemwambia mzee amekasirika sana. Kweli lugha zisizo na undugu zinaweza kufanana hadi sarufi? Na nataka kuandika kijitabu cha hadithi za watoto kwa Kirangi, nifuate mpangilio upi?"*

Ndugu yangu, huyo jamaa alichokiona ni cha kweli, ila hapo kwenye "kwa hiyo" ndipo ameruka mtaro. Kirangi ni Kibantu na hilo halina ubishi kwa mtu yeyote anayefanya kazi hii, ngeli zote zipo, upatanisho upo, irabu saba za zamani ambazo Kiswahili kimezipoteza nyie mnazo bado, na hata Mzaramo asiyewahi kufika Kondoa akisikia chakurya na maaji anajua anaongelewa chakula na maji. Kwa hiyo mwambie mzee atulie. Lakini usimwambie kwamba hakuna kitu, maana kitu kipo, na ni kati ya mambo ya ajabu kweli kwenye sarufi za Kibantu.

Tuanze na sentensi zenyewe, na nitaziandika bila alama za toni wala zile i na u zenye mstari katikati, ili kila mtu asome. *Niini tereka niise chakurya*, yaani mimi nitapika chakula, sasa hivi au muda si mrefu. *Mama jota ari maaji*, mama atachota maji, hii ni ya baadaye kidogo. Angalia: tereka na jota vinasimama vitupu, havina nafsi wala wakati, halafu nyuma yake ndio kinakuja kisaidizi, niise au ari, ambacho ndicho kimebeba nafsi. Kwingine kwingi Ubantuni kisaidizi kinatangulia, kama Kiswahili "alikuwa anapika", huwezi kusema "anapika alikuwa" ukaeleweka.

Sasa kuna mambo mawili ambayo nahisi jamaa yako hakukwambia. La kwanza, mgeuzo huu uko kwenye nyakati mbili tu, hizo mbili za wakati ujao. Nyakati nyingine za Kirangi zenye kisaidizi zinakwenda kawaida, kisaidizi mbele kitenzi nyuma. La pili, maji na chakula vimebaki mwishoni, baada ya kitenzi, Kibantu kabisa. Hii ndiyo inayowaumiza watu vichwa, kwa sababu ukizunguka dunia utakuta lugha zinazoweka kisaidizi nyuma ya kitenzi kwa kawaida ndizo zinazoweka yambwa kabla ya kitenzi, kama Kihindi au Kijapani, "chakula kupika nataka". Kirangi kimechukua nusu ya mpangilio huo na kuacha nusu. Na hakiko peke yake, Kimbugwe cha kule Magugu karibu na Ziwa Manyara nacho kiko hivyohivyo, mwanaisimu Maarten Mous aliandika juu yake mwaka 2000 akishangaa hilohilo. Kirangi na Kimbugwe ni ndugu wa karibu sana ingawa leo katikati yenu wamekaa Wagorowa wa Babati.

Na hapo tumefika kwa majirani. Hilo eneo la kuanzia Mbulu na Ziwa Eyasi, ushuke Babati, Kondoa, uingie Singida, ndiyo sehemu pekee Afrika ambapo yale makundi makubwa manne ya lugha za Afrika ambayo mwanaisimu Joseph Greenberg aliyagawa mwaka 1963 yanakutana uso kwa uso. Wabantu ni nyie, Wambugwe, Wanyaturu, Wanyiramba na Waisanzu. Wakushi ni Wairaqw, ndio hao Wambulu, halafu Wagorowa, Waalagwa na Waburunge. Waniloti ni Wadatoga, wale wengi wanawaita Wamang'ati. Halafu wapo Wasandawe na Wahadzabe wenye lugha za vidoko, ambazo Greenberg aliziweka kundi moja ila leo wengi hatuzihesabu hata kuwa ndugu. Watu hawa wameoana, wamekopeshana ng'ombe, wameombeana mvua, wamepigana, kwa vizazi ambavyo hakuna aliyeandika hesabu yake. Mwaka 2008 Mous pamoja na Roland Kießling na Derek Nurse walikusanya mambo ambayo lugha hizi zinashirikiana bila undugu wakasema hapa pana ukanda wa lugha, ule Ukanda wa Bonde la Ufa wa Tanzania. Wazo lenyewe la ukanda wa namna hiyo ni la zamani kidogo, Nikolai Trubetskoi alilipigia debe mwaka 1928 na mfano ambao vitabu vyote vinautaja ni Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, lakini kule Balkani lugha nyingi mwisho wa siku zina babu mmoja wa mbali. Hapa kwetu hazina, ndio maana panavutia zaidi.

Swali lako la kwamba inawezekanaje nitalijibu kwa kijiji kimoja cha India kwanza, kwa sababu pale jambo lilionekana likiwa bichi kabisa, halafu nitarudi Kondoa. Kijiji kinaitwa Kupwar, kiko Maharashtra, na John Gumperz na Robert Wilson walichapisha habari zake mwaka 1971. Wenye mashamba Wajaini wanaongea Kikannada, ambacho ni cha ukoo wa Kidravidi, Waislamu wanaongea Kiurdu, na wengine Kimarathi, hizi mbili ni za ukoo mwingine kabisa, ule ule wa Kihindi na Kiajemi. Wamekaa hivyo kwa karne kadhaa, na karibu kila mwanaume anaongea zaidi ya moja kila siku shambani na sokoni. Lakini nyumbani kila kundi lina lugha yake na haliachi, kwa sababu lugha ndiyo inayosema wewe ni nani.

Sasa sikiliza sentensi moja yenye maana ya "nilikata mboga kidogo nikazileta". Kiurdu cha Kupwar: *pala jara kat ke le ke aya*. Kimarathi: *pala jara kapun gheun alo*. Kikannada: *tapla jara khodi tagondi bayn*. Zote tatu zinakwenda mboga, kidogo, kukata-kisha, kuchukua-kisha, nikaja. Neno kwa neno, kiambishi kwa kiambishi. Ukitaka kutoka lugha moja kwenda nyingine hubadilishi chochote isipokuwa maneno yenyewe. Na si kwamba zilianza hivyo. Kiurdu cha mjini Delhi kwenye wakati uliopita kinapatanisha kitenzi na kile kilichotendewa, sio na mtendaji, ila cha Kupwar kimeacha hiyo na kinapatanisha na mtendaji kama Kikannada. Kikannada nacho cha kawaida kinaweza kusema "huyu mwalimu" bila kitenzi "ni", cha Kupwar kimeanza kuweka "ni" kama wenzake. Kila mmoja ametoa kidogo.

Kwa nini iwe sarufi na si maneno? Kwa sababu maneno yanasikika. Ukiingiza neno la Kimarathi kwenye Kikannada cha mama yako atakushtukia hapo hapo, lakini ukipanga sentensi kwa mtindo wa jirani huku maneno yote ni ya kwenu, hakuna anayekushtukia, na wewe mwenyewe hujui umefanya. Kichwa cha mtu anayeruka kutoka lugha hadi lugha mara mia kwa siku kinapenda njia fupi, kinapendelea mipangilio ambayo inafanya kazi pande zote mbili na kinaiacha ile inayofanya kazi upande mmoja tu, halafu mtoto anayezaliwa anasikia ile inayopendelewa mara nyingi zaidi anadhani ndiyo ya kawaida, na anayefuata hivyohivyo. Hata Kiswahili mnaona, mtu wa bara la Kenya anasema "niko kwa nyumba", kila neno hapo ni Kiswahili halali, ni mpango tu ndio umehama kutoka "nyumbani". Hakuna aliyekaa kikao.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanaposikia "kufanana kwa ujirani" wanafikiri maana yake ni lugha mchanganyiko. Sio. Lugha mchanganyiko kweli ipo Tanzania hii hii, Kimbugu cha ndani kule Lushoto, kinaitwa pia Kima'a. Wale wana Kimbugu cha kawaida ambacho ni Kibantu kinachofanana na Kipare, halafu wana hicho cha ndani ambacho ngeli, viambishi, upatanisho vyote ni vilevile vya Kibantu, ila maneno ya kawaida yametolewa kwenye Kikushi na Kimaasai na kwingineko. Yaani pale sarufi imebaki na maneno yamebadilishwa, na watu wanajua wanachofanya, ni alama yao. Ukanda wa lugha unafanya kinyume chake, maneno yanabaki na sarufi inasogea, na watu hawajui. Kirangi sio Kimbugu. Maneno ya Kikushi yamo kwenye Kirangi, tena yapo ya kutosha, lakini yamo kama mkopo wa kawaida kama Kiswahili na Kiarabu.

Haya turudi kwenye tereka niise, maana mpaka sasa nimekuonesha kwamba inawezekana, sijakuonesha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hayo ni mambo mawili tofauti na jamaa yako ameyachanganya.

Ukitaka kusema jambo fulani limetoka kwa jirani, kitu cha kwanza unaangalia kama jirani mwenyewe analo. Na hapa hoja inaanza kulegea, kwa sababu Kiiraqw na wenzake, Kigorowa, Kialagwa, Kiburunge, hawaweki kile kineno cha nafsi na wakati baada ya kitenzi. Wanakiweka kabla. Kwenye Kiiraqw kila sentensi yenye kitenzi inataka kineno kifupi kinachobeba nafsi na habari nyingine, kinakaa mbele, kitenzi kinakuja mwishoni, na mara nyingi yambwa inapenya katikati yao. Yaani mpangilio ni kineno, chakula, pika. Nyie mna pika, kineno, chakula. Ukivilaza sambamba unaona kabisa huu sio ule wa Kupwar wa neno kwa neno. Mtu anayesema Warangi wamenakili sentensi ya Kimbulu inabidi akuoneshe hiyo sentensi ya Kimbulu, na hatakuonesha.

Kitu cha pili unaangalia ndani ya lugha yenyewe kama kulikuwa na mbegu. Na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Jaribu kugeuza sentensi za Kirangi ziwe swali. *Ani ari wula mapapai?* Nani atanunua mapapai. Umeona? Kisaidizi kimerudi mbele, ari halafu wula. Hutasema ani wula ari. Fanya rejeshi, "mama atakayechota maji", kisaidizi mbele. Fanya ile ya kusisitiza, "ni mama ndiye atakayechota", kisaidizi mbele. Kanusha kwa si na tuku, kisaidizi mbele. Kwa hiyo ule mgeuzo ambao tumesema ni wa nyakati mbili, hata ndani ya nyakati hizo mbili unakaa kwenye taarifa ya kawaida tu na unakimbia kila palipo na swali, urejeshi, ukanushi au msisitizo wa kitu kingine.

Sasa jiulize hayo mazingira yana nini. Kwenye swali la nani, uzito wa sentensi uko kwenye nani. Kwenye "ni mama ndiye", uzito uko kwa mama. Yaani pale ambapo uzito umeshachukuliwa na kitu kingine, kitenzi hakipewi nafasi ya kutangulia. Hiyo inaonesha kwamba zamani kukitanguliza kitenzi kulikuwa ndio njia ya kukipa uzito chenyewe, na nafasi ya uzito ni moja, haikai wawili. Na njia hiyo ya kutanguliza kitenzi kitupu ni ya Kibantu, tena wewe unayo kwenye Kiswahili chako cha Dar: "kula nimekula lakini sijashiba", "kuja atakuja, ila usimsubiri". Kiswahili kinarudia kitenzi mara ya pili, Kirangi kilikuwa na kisaidizi cha kumalizia kwa hiyo hakikuhitaji kurudia, ni "kupika, niko" au "kuchota, atakuwa". Mwanzoni ilikuwa ya msisitizo, baadaye ikazoeleka mpaka msisitizo ukaisha na ikabaki kuwa wakati ujao tu, ila ikaacha alama ya ilikotoka kwenye maswali na rejeshi. Hannah Gibson ndiye aliyeichimba hii kwa Kirangi kwa undani, na akaonesha pia kwamba lugha nyingine za Kibantu za Afrika Mashariki zina mpangilio unaofanana, Kikisii, Kikuria, Kingoreme na Kisimbiti, ambazo zote ziko kule Mara na ng'ambo ya mpaka, mbali na Kondoa.

Kwa hiyo ujirani hauna kazi yoyote? Hapana, sisemi hivyo, na hapa nakuwa mkweli kwamba wataalamu hatujafika pamoja. Kinyaturu na Kinyiramba ni Kibantu vilevile, viko palepale jirani, na havijulikani kwa mgeuzo huu, mbona mbegu ile ile haikuota kwao? Kitu fulani kimewafanya nyie na Wambugwe mchukue njia ya msisitizo mkaifanya ya kila siku. Maelezo ambayo mimi yananiingia ni kwamba watu waliokuwa wanaongea Kirangi na Kikushi kwa pamoja walizoea kusikia sentensi ambazo kineno cha nafsi na wakati ni kipande kinachojitegemea, sio kiambishi kilichogandana na kitenzi, na walizoea sentensi ambazo mpangilio wa mbele wa kitenzi unachezewa kulingana na uzito wa habari, kwa hiyo wakaitumia mara nyingi zaidi ile fomu ya Kirangi iliyowapa nafasi hiyo. Jirani hakuwapa kitu kipya, ila kilichokuwa kinasemwa mara moja moja kikaanza kusemwa kila siku. Na ndivyo ukanda wa lugha unavyofanya kazi mara nyingi, hata Balkani, sio kunakili bali ni kuchagua kwenye vitu ulivyonavyo.

Lakini mtu mwingine anaweza kunibishia akasema mbona Wakuria na Wakisii nao wanayo, hao hawakukaa na Waburunge. Nitamjibu kwamba nao wamekaa na Wakalenjini na Wamaasai muda mrefu, yeye atasema basi kila Mbantu wa bara amekaa na mtu fulani, na hapo amenibana kidogo. Hatuna maandishi ya Kirangi ya miaka mia tano iliyopita ya kuamulia. Hiyo ndiyo mipaka ya ushahidi tulionao, na mtu anayekwambia kwa uhakika kabisa kwamba hii ni ya Kikushi au kwa uhakika kabisa sio, anasema zaidi ya alichonacho.

Nikupe na mfano wa kitu ambacho ujirani wake unaonekana vizuri zaidi, ili ujue tofauti. Kiiraqw kina zile sauti zinazoandikwa sl na tl, hewa inapita pembeni mwa ulimi, mtu aliyepita Mbulu anaijua kwenye jina la Tlawi hata kama anaitamka vibaya. Kisandawe kina sauti za namna hiyo, Kihadza pia. Ni sauti adimu duniani, na hapa zimekaa kwenye lugha tatu zisizo na undugu zinazopakana, hiyo haiwezi kuwa bahati nasibu kirahisi. Hata hapo nani alianza ni kazi nyingine, kwa sababu ukoo mkubwa wa Kikushi unadhaniwa ulikuwa na sauti za pembeni tangu zamani. Na angalia, Kirangi hakikuzichukua. Ngeli zenu hazikutetereka, koo lenu halikuchukua ile hh ya Kimbulu. Kama kundi kubwa la Wakushi lingekuwa limehamia Kirangi ukubwani kwa pamoja, ningetarajia lafudhi yao ingeacha alama hapo kwanza, kwa sababu mtu anayejifunza lugha ukubwani anakuja na matamshi yake na mipango yake ya sentensi, wakati maneno ya kwao anayaacha. Sio ushahidi wa kufunga mjadala lakini ni uzito upande mmoja.

Kuhusu damu sasa. Lugha na ukoo wa mtu ni faili mbili tofauti, tafadhali msizifungue pamoja. Wapo Waalagwa wengi huko kwenu ambao wameoana na Warangi, dini moja, vijiji vimoja, na wengi nyumbani wanaongea Kirangi, kwa hiyo kati ya watu wanaojiita Warangi leo wenye bibi wa Kialagwa ni wengi na wala sio siri. Kwa Wairaqw ni hivyohivyo, koo zao kadhaa zenyewe zinasimulia kwamba zilitoka kwa Wadatoga. Kwa hiyo jamaa yako angesema "miongoni mwa mababu zenu wamo Wakushi" ningemuunga mkono bila shida. Ila hilo unalijua kwa masimulizi ya koo, hulijui kwa kuangalia kisaidizi kiko wapi. Watu wa Kupwar walisogeza sarufi zao bila makundi yao kuchanganyika kuwa moja.

Kijitabu chako. Andika kama watu wanavyosema, taarifa za wakati ujao kitenzi kwanza, tereka niise, jota ari, halafu maswali na rejeshi na ukanushi kisaidizi kwanza. Usinyooshe. Najua utakapoanza kuandika kuna mwalimu au ndugu msomi atakwambia "hii imegeuka, iweke sawa", na anachoita sawa ni Kiswahili. Huo ndio ujirani wenu wa leo, Kiswahili kiko shuleni, msikitini, kwenye simu, na kila Mrangi anakiongea, kwa hiyo kama kuna lugha itakayosogeza sarufi ya Kirangi katika vizazi vijavyo ni hiyo na sio Kiburunge. Na wewe uliyekulia Dar ndio uko kwenye hatari zaidi, nakwambia bila kukuvunja moyo, maana mpango wa Kiswahili utakutoka mkononi bila kujua.

Njia ya kujikinga ni namna unavyouliza. Usiende kwa bibi ukamwambia "nitapika chakula kwa Kirangi unasemaje", kwa sababu hapo umeshampa mpango wa Kiswahili na atakujibu kwa kuufuata ili akusaidie. Muulize kwa Kirangi kesho atafanya nini kuanzia asubuhi, mwache aongee, rekodi kwa simu, halafu kaa chini uhesabu wapi kisaidizi kimetangulia na wapi kimefuata. Kisha chukua sentensi zake mwenyewe uzigeuze, umsomee, umuulize sio "ni sahihi?" bali "nani anaongea hivi?" Wazee wengi hawatakwambia umekosea kwa heshima, ila watakwambia "hivyo wanaongea watoto wa shule" au "hivyo wanaongea wa kule Kolo", na hapo umepata jibu la kweli. Ukikuta kijana anasema kisaidizi kwanza hata kwenye taarifa ya kawaida na bibi yake hasemi, hapo umeshika badiliko likiwa njiani, liandike pembeni na umri wa msemaji na kijiji.

Kuna kitu kimoja ambacho mimi kwa maandishi haya siwezi kukusaidia, nacho ni irabu na toni. Irabu saba haziandikiki kwa herufi tano bila kupoteza maneno, na toni ndiyo inayotenganisha baadhi ya nyakati. Kabla hujachapisha mtafute mtu akae na wewe na rekodi zako mezani, idara za isimu za Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinafanya kazi na lugha za Tanzania, ule mradi wa Lugha za Tanzania wa Dar ndio uliotoa atlasi ya lugha mwaka 2009. Wapelekee sauti kwanza, sio maandishi. Na ukiweza, kwenye hizo rekodi mchukue na Mwalagwa mmoja anayeongea lugha zote mbili, umuulize maswali yale yale ya kesho atafanya nini kwa Kialagwa halafu kwa Kirangi siku tofauti, maana mtu wa namna hiyo anatufaa kuliko nadharia zangu zote hapo juu na hao wanaoongea Kialagwa vizuri sasa ni wazee.